Kumbi Lilichomwa Daudi Hayupo

Jumatatu, 6 Julai
Miyuji. Chai, kisha makala. Nimeeleza upya hatua za jando: kutengwa, kukaa ukingoni, kurudishwa. Ukingoni ndipo penye kazi. Mwari hana jina, hana cheo. Mtoto wa diwani na wa mchunga mbuzi wanapakwa majivu yaleyale, wanamtii kungwi yuleyule. Mhariri wa jarida anadai hata kusubiri basi ni "ukingoni". Upuuzi! Anayesubiri basi bado ana jina. Nimemjibu kwa kurasa mbili. Raha tupu.

Jumatano, 8 Julai
Dada yangu Yusta kapiga simu kutoka kijijini, upande wa Mtera. Analia. Mumewe alimtoa mwana wao Daudi kumbini, kwenye kibanda cha jando, kabla ya siku ya kutoka, akamnunulie sare za bweni mjini. Kesho yake wenzake wakaogeshwa, wakapakwa mafuta, wakapewa majina mapya. Kumbi likachomwa. Daudi hayupo.

Sasa mama yetu haitikii shikamoo yake. Jina la zamani halitamkwi, jipya hana. Anakula peke yake nyuma ya zizi. Wenzake wanampisha njiani kama mgonjwa. Shule inafunguliwa wiki ijayo.

Shemeji anasema, "Tohara si imeshafanyika?" Mpumbavu. Kana kwamba jando ni kisu!

Nimeongeza aya ya Daudi kwenye makala. Sijawahi kupata mfano bora. Najichukia.

Ijumaa, 10 Julai
Kijijini. Nimewaambia wazee bila kupepesa macho: desturi yenu inamtesa mtoto. Nikawafafanulia hatua zote tatu. Kungwi mkuu akasikiliza hadi mwisho.

"Mwanangu, wewe ulitoka kumbi gani?"

Nilitahiriwa hospitali, nikasema. Wakacheka hadi kukohoa.

"Basi, mwalimu, kaa na kina mama. Hili tuachie."

Wamekubali, lakini si kwa hoja zangu. Watajenga kibanda kidogo. Daudi atalala humo na kungwi, amalizie mafundisho, kitachomwa Jumapili.

Jumamosi, 11 Julai
Nimesoma kila kitu kuhusu mlango huu na sipiti. Nachambua mlenda jikoni. Mama kasema niache kununa, nitaichachusha mboga. Nimetupa majani na kubakiza vijiti. Yusta kacheka, mara ya kwanza tangu nifike.

Jumapili, 12 Julai
Moshi wa kibanda asubuhi. Wakamleta, ngozi inang'aa mafuta, haangalii nyuma. Mama alisimama mlangoni.

"Malogo."

Hakuitika. Hakujua jina hilo jipya ni lake. Mama akaita tena.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, Malogo."

Yusta akakaa chini.

Niliandika kwamba mwari hurudi. Si kweli. Harudi mpaka apokelewe. Shemeji hakulijua hilo, na mimi sikulijua pia. Aya ya Daudi nimeifuta. Hakuna mtu wa jina hilo.

Mchana Malogo kala ugali na wanaume, uani. Wangu umeletwa jikoni.