Wewe Uite Igurwa, Mimi Niitikie Gasenyi

Mama,

Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote, hata Baba. Siku tuliyokuzika sikulia kwa huzuni. Huzuni ilikuja baadaye. Siku ile nililia kwa hasira, na watu wakanishika mabega wakisema maskini binti, nami nilitamani kuwauma mikono.

Ni kwa sababu ya wimbo wako. Kwaya ya kigango waliuimba kaburini, wimbo uleule uliowafundisha mwenyewe. Lakini Baba mdogo Deusi alikuwa amezungumza na mwalimu wa kwaya, Mzee Anatoli, wakakubaliana jina la Gasenyi, kilima ulikotoka, litolewe. Wakaita Igurwa, jina la huku kwetu, wakaitikia Igurwa. Igurwa, Igurwa, kama mtu anayejibu hodi yake mwenyewe! Nilimsikia Baba mdogo akieleza wageni kwamba marehemu alikuwa mtu wetu kabisa, hakuna haja ya kuwakumbusha watu kwamba alitoka Burundi. Alidhani anakuheshimu. Hilo ndilo linaloniudhi zaidi.

Wewe ulinieleza tukipalilia migomba, mimi nikiwa mdogo, kwamba wimbo huo ni wa bibi yako na ulikuwa wa kuita na kuitikia kilima kimoja tu. Ulipoolewa huku hukuweza kuuimba, koo lilikuwa linafunga. Ndipo ukaacha sauti kama ilivyokuwa, ukabadilisha mwito. Ukajaribu majina ya huku moja moja mpaka ukaona I-gu-rwa linakaa pale pale lilipokaa Ga-se-nyi, halizidi wala halipungui. Anayeita anataja ardhi aliyoikanyaga. Anayeitikia anataja ile aliyoiacha. Ulisema ukiimba hivyo mguu mmoja hauuonei wivu mwingine.

Halafu kuna beti za ugomvi. Hizo kwaya hawakuzijua kamwe. Katika ubeti wa kwanza unaishukuru nchi kwa ilichokulisha: Igurwa, umenipa ndizi zako za ebitoke, umenipa kahawa ya kuuza. Katika wa pili unaigombeza: Igurwa, maharage yako hayana mawese, watu wako waniita wa kuja. Nilikuuliza kama si dhambi kuitukana nchi inayotulisha. Ukacheka mpaka ukaegemea jembe. "Nchi mpya ni mama mkwe," ukasema. "Usipogombana nayo hata mara moja, ujue bado u mgeni wake."

Nina hasira na wewe pia. Ulinipa sehemu ya kuitikia tangu sijaanza shule, na mimi Gasenyi sijawahi kufika. Ulisema tungekwenda nikimaliza kidato cha nne. Sasa nimebaki na jina la kilima nisichokijua, na hakuna wa kuniita.

Wiki ya misa ya kumaliza matanga nilimfuata Mzee Anatoli baada ya mazoezi. Unanijua, mimi kusimama mbele ya mtu mzima ni homa. Nilimpa shikamoo, nikamwambia wimbo wa Mama umekatwa mguu. Akasema maneno yamekwisha kupangwa na familia, yeye ni mwalimu wa sauti tu, hataki kuingia kati ya ndugu.

"Ila sijawahi kumziba mtu mdomo akiwa kwenye benchi lake," akasema, akaondoka na baiskeli yake.

Siku ya misa kwaya wakaita Igurwa. Wakaitikia Igurwa. Nami nikaitikia Gasenyi, peke yangu, nikiwa kati ya Baba na Baba mdogo. Mara ya kwanza nadhani hata Baba hakunisikia. Mara ya pili watu wakageuka. Mara ya tatu mama Philbert, yule mliyekuwa mkisimama pamoja sauti ya pili, akaliacha Igurwa akaja upande wangu, na wenzake wakamfuata. Mama, jina liliingia mahali pake. Baba aliinamisha kichwa, mabega yakawa yanatikisika.

Nje Baba mdogo aliniambia nimeiaibisha familia, kwamba umekaa huku maisha yako yote ya ndoa na mimi nimekurudisha ugenini. Kisha akaenda zake na wageni wake.

Lala salama, Mama. Nitafika Gasenyi kwa miguu yangu, na nikifika nitageuza wimbo: nitaita kilima chako, kisha niitikie Igurwa, nione kama koo langu nalo litafunga.

Jioni ile ya misa nilivua gauni la kanisani, nikachukua jembe, nikaenda kwenye migomba inayopakana na uwanja wa Baba mdogo. Alikuwa amekaa nje na wageni wake. Nikatunga ubeti wangu wa kwanza wa ugomvi, nikauimba kwa sauti ya kusikika: Igurwa, umemzika mama yangu nusu. Nikaitikia mwenyewe: Gasenyi. Nikapalilia mpaka mwisho wa mstari.

Mwanao,
Adelina