Maneno ya Chini ya Picha ya Ovaroli

Kwako dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba lile jino ulilokuwa ukililalamikia limekubali hatimaye kukuacha ulale. Wenzako wa chumbani wasalimie, hasa yule anayekoroma, maana kwa jinsi ulivyonisimulia namwona kama ndugu. Huku nyumbani hatujambo kwa kadiri yetu. Mama anashona kama kawaida. Cherehani imebadilishiwa mkanda na sasa inatoa sauti ndogo kama mtu anayetaka kusema jambo akaghairi. Mimi nasoma. Baba nitamfikia.

Juzi uliniuliza mbona picha zangu za Jumamosi hazichekeshi tena, nami nikakujibu kwamba mitihani imenibana. Mitihani ipo, ila haikuwa sababu. Nimeamua kukuandikia kwenye karatasi kwa kuwa simu yangu hapa nyumbani hushikwa na kila mkono, na kwa kuwa jambo lenyewe halienei chini ya picha.

Unakumbuka ulivyoondoka kwenda chuoni ukanirithisha beseni, brashi na ufagio, ukasema ni mali ya ukoo. Wiki ya kwanza nilinung'unika. Wiki ya pili nikapiga picha ya kamba ya nguo, nikaituma kwenye kundi la familia na maneno haya: "Soksi ziliingia nane, zimetoka saba. Uchunguzi unaendelea." Hukuamini kama ni mimi. Mimi ambaye mgeni akinisalimia naviangalia viatu vyake. Tangu hapo kila Jumamosi watu wakawa wanangoja. Nikaweka ile ya ua: "Nimefagia. Upepo umekagua kazi, umerudisha kila kitu mahali pake." Shangazi akaniandikia kwamba kumbe Kamusi wetu mkimya ana ulimi, alikuwa ameuficha kwenye simu.

Sikuwahi kukwambia jinsi ninavyoyatunga, kwa aibu tu. Ni kazi, dada. Kwanza nafua, maana ukitunga kabla ya kufua unatunga uongo. Kisha napiga picha kabla jua halijawa kali, la sivyo mashuka meupe yanageuka mwanga mtupu. Halafu naandika sentensi mbili, ndefu kwanza, fupi baadaye, kwa sauti ya msomaji wa taarifa ya habari. Siweki alama ya mshangao wala vile vikaragosi vya kucheka, kwa sababu anayesimulia akicheka mwenyewe, msikilizaji anaona kazi imeshafanywa. Na maneno hayaruhusiwi kurudia picha. Kama picha inaonyesha soksi saba, unazungumzia ya nane. Kichekesho kinakaa katika kile ambacho jicho halikioni.

Kanuni hiyo ya mwisho ndiyo iliyotuletea balaa.

Unajua ovaroli ya baba inavyofuliwa. Haichanganywi na kitu. Unaipaka sabuni ya vyombo ikiwa kavu, penye grisi, unaiacha inywe, ndipo unaitia kwenye maji ya moto yenye sabuni ya unga, kwenye beseni lake lile la bluu lililokwisha kuwa jeusi. Maji ya kwanza hutoka kama lami, ya pili kama kahawa, ya tatu kama chai, na hapo ndipo mtu anaweza kuanza kufikiria kusuuza. Basi Jumamosi moja niliitia majini na maji yakabaki vilevile. Nikasugua, nikakamua. Yakatoka povu jeupe. Nikacheka peke yangu uani, nikaipiga picha ikiwa kambani, nikaandika: "Ovaroli ya fundi, wiki nzima ya kazi. Maji yake ya kwanza yangeweza kupikiwa chai."

Sikuwa na wazo lolote baya, dada. Nilidhani gereji ina wateja wachache. Kundi lilifurahi. Mama aliacha kushona akanisomea kwa sauti maneno yangu mwenyewe. Shangazi ndiye aliyemaliza yote, akaandika kwamba kumbe kaka yake siku hizi ni meneja, anaelekeza magari kwa kidole. Baba hakujibu kitu. Huwa hajibu kamwe kwenye kundi. Lakini nilipofungua kuona nani amesoma, jina lake lilikuwa la kwanza.

Wiki iliyofuata aliondoka kila asubuhi saa zake zilezile, na kiberiti chake cha chakula mkononi, yaani kile kibakuli unachokiita kiberiti kwa udogo wake. Akarudi jioni, akala, akalala mapema. Jumamosi nikaikuta ovaroli kwenye ndoo, nyeusi. Nikamshukuru Mungu, nikasema mambo yamerudi. Nikaitandaza juu ya ubao wa kufulia ili niipake sabuni ya vyombo penye grisi.

Hapo mikono yangu ikasimama. Mimi sijui lolote kuhusu injini, lakini ovaroli ile naijua kama kitabu nilichokisoma mara nyingi. Uchafu wa baba uko mgongoni, maana fundi analala chali chini ya gari. Uko magotini. Uko paja la kulia, anapofutia mkono bila kujijua. Na kola huwa na mstari wa jasho ambao brashi peke yake ndiyo inauweza. Safari hii mgongo ulikuwa safi. Magoti safi. Kola ilikuwa bado inanukia sabuni yangu ya wiki iliyopita. Grisi yote ilikuwa kifuani na tumboni, mbichi, imepakwa kwa viganja viwili kutoka juu kwenda chini, kama mtu anavyompaka mtoto mafuta baada ya kumwogesha. Vidole vilionekana kimoja kimoja.

Nilikaa pale mpaka jua likanifikia. Mtu mzima, baba yetu, alikwenda mahali akatafuta grisi, akajipaka, kwa sababu mtoto wake aliandika sentensi mbili.

Mama akaniita dirishani akauliza picha iko wapi, watu wanangoja. Nikaitia majini, nikapiga picha ya maji tu, nikaandika: "Maji meusi. Hali imerejea kuwa ya kawaida." Ndiyo ile uliyosema haina chumvi. Haikuwa na chumvi kwa sababu niliijua kuwa uongo nilipokuwa naiandika. Mama alipoisoma akasema, afadhali, na akarudi kwenye cherehani akiimba. Dada, kule kuimba kulinichoma kuliko kitu chochote.

Wiki nzima sikuweza kumtazama baba usoni, naye nadhani hakuweza kunitazama. Tulikuwa tunapishana mlangoni kama wapangaji.

Leo, Jumamosi, alikuja mwenyewe uani, ameishika ovaroli mkononi. Akaiweka juu ya ubao, akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Safari hii alikuwa amejitahidi zaidi. Kulikuwa na vumbi kwenye mikono ya ovaroli na kijitundu kidogo cha kuungua mfukoni. Akaniuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayeuliza kama maji yapo:

"Kamusi, imechafuka vizuri?"

Nilitaka kusema ndiyo. Nikajisikia nikisema, "Magoti ni safi, baba."

Akaitazama. Akaigeuza upande wa pili akautazama mgongo pia. "Kumbe umeona."

"Mimi ndiye ninayefua."

Alitikisa kichwa polepole kama mtu aliyekagua gari la mwenzake akakuta kosa ni lake. Kisha akaniambia. Gereji imeuzwa. Mwenye mali mpya amekuja na mafundi wake, na wale wa zamani wakaambiwa wakae nyumbani, wataitwa. Hawajaitwa. Lakini kila asubuhi amekuwa akienda, anasimama ng'ambo ya barabara penye kivuli cha ukuta, endapo gari litawashinda wale vijana na mtu akamtafuta. Grisi alipewa na mlinzi wa pale, kwenye kopo la rangi, bila kuulizwa ya nini. Nilimuuliza kwa nini hakumwambia mama. Akasema alidhani akinyamaza anakuwa bado hajafukuzwa, anakuwa amechelewa kuitwa tu, na kwamba akishalitamka mbele ya mama litakuwa limekwisha kuwa kweli, na mwisho wa mwezi hauko mbali.

Kisha akaniomba kitu ambacho sijawahi kuombwa na mtu mzima. Alisema mimi ninajua kulichukua jambo nikaliweka katika maneno machache, watu wakalimeza bila kukwama. Nimwandikie mama, chini ya picha, ili yeye asilazimike kuanza.

Nilijaribu, dada. Nilipiga picha ya ovaroli ikiwa imelala ubaoni, nikaandika: "Ovaroli ya fundi imepewa likizo. Haikuiomba." Sikuituma, nilimpa asome. Alisoma, akacheka kidogo puani, nami nikafikiri imekubalika. Kisha akanirudishia simu.

"Mama yako atacheka kwanza, halafu ndipo ataelewa," alisema. "Sitaki aanze kwa kucheka."

Nikaifuta. Nikajaribu nyingine isiyo na mzaha, ikawa kama tangazo la kifo. Nikaifuta nayo. Nikamwambia, baba, mimi najua kuandika kuhusu kile ambacho picha haikionyeshi, lakini hiki naona kinataka kuonyeshwa na mwenyewe. Sijui nilipata wapi ujasiri huo.

Halafu akasimama, akaichukua ovaroli, akaingia nayo ndani kama ilivyo. Nikasikia cherehani ikiendelea, kisha mama akigomba kwamba grisi hiyo isije ikagusa gauni la mteja. Kisha cherehani ikanyamaza.

Nilikuwa nimebeba beseni la nguo nyeupe, na kamba yetu unajua ilivyofungwa karibu na dirisha. Sikwenda kusikiliza, ila sikuondoka pia. Baba alisema kwa sauti ya chini, maneno machache kuliko yangu. Nilingoja mama apige kelele. Nilingoja alie. Nikamaliza vibanio vyote. Ndipo nikamsikia akiuliza, taratibu, kwa sauti anayotutumia tukiwa na homa:

"Na mchana, hicho chakula ulikuwa unakila umesimama?"

Nilisikia kiti kikivutwa.

Sasa wako ndani, bado wanazungumza. Sijui kesho itakuwaje wala mwezi ujao, na sitakudanganya kwamba sina hofu. Ninakuomba mambo mawili. Mpigie baba, lakini usimtajie gereji mpaka yeye aitaje. Mwulize habari zake tu. Na shangazi asijue kwanza, maana atataka kusaidia, na msaada wake una sauti kubwa. Ovaroli sijaifua. Mama ameikunja na uchafu wake akaiweka juu ya kabati, na sijathubutu kuuliza.

Jitunze, na usiache masomo kwa ajili ya habari hizi. Mama na baba wangekusalimu kama wangejua ninakuandikia. Pokea salamu zao hivyohivyo.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Kamusi