Karatasi ya Nahodha Pascoe

Nassau, 2 Machi 1718

Kwa dada yangu mpenzi Tamsin,

Salamu nyingi. Mimi mzima, ila jino linanisumbua. Mama hajambo? Na kifua chake?

Dada, kuna jambo kuhusu mumeo. Unajua shemeji Pascoe ni nahodha wetu kwa kura tu. Amri yake ni vitani na tunapofukuza meli. Wakati mwingine wote kila mtu ana kura moja, na hata chumba chake yeyote anaingia. Sote tulitia sahihi mkataba, mkono juu ya Biblia. Kifungu cha saba kinasema: atakayewaficha wenzake siri, au kupanga kutoroka, ataachwa kisiwani.

Sasa baharia mwenzetu Ned Quill anasema alimwona shemeji akimpa karatasi nahodha wa meli tuliyoiteka, kabla hatujamwachia aende zake. Nilimuuliza shemeji, akacheka: "Ned anaona karatasi hata kwenye supu." Lakini hakukataa. Mimi ndiye mkuu wa mabaharia, msemaji wao mbele ya nahodha. Wakitaka baraza, nitaliongoza mimi. Kama unajua lolote, niandikie.

Kaka yako,
Digory

Fowey, 9 Mei 1718

Kaka Digory,

Barua yako imefika leo, nami najibu leo leo. Mama anakohoa lakini anakula. Anakusalimu.

Karatasi ile niliiomba mimi. Tulisikia huku kwamba mfalme anawasamehe maharamia watakaojisalimisha kabla ya Septemba. Nikamwandikia Pascoe amwombe gavana msamaha, kimyakimya, maana wenzenu wangemzuia. Alinijibu, "Bila jina la Digory siandiki." Akayaandika majina yote mawili. Wewe hakutaka ujue, ili wakiuliza uape bila kusema uongo.

Nakuomba, isome barua hii mbele yao wote. Waambie kosa ni la mwanamke aliyechoka kulala peke yake. Fanya haraka, kaka.

Dada yako,
Tamsin

Nassau, 30 Agosti 1718

Dada yangu,

Sijui nikusalimuje. Barua yako niliipata tarehe nane Julai, kwa mama mwenye hoteli anayetutunzia barua. Baraza lilikwisha kukaa tarehe ishirini Mei.

Tulikusanyika wote sitini sitahani, wala hakuna aliyelewa, mkataba unakataza. Nikasoma kifungu. Nikamuuliza, "Karatasi ilikuwa ya nani?"

"Yangu."

"Uliandika nini?"

"Siri nimeficha, nakiri. Mengine hayawahusu. Piga kura, Digory, jua linatuunguza."

Niliudhika. Nilidhani ametuuza. Mikono arobaini na mmoja ilinyooka, kumi na tisa ikabaki chini. Wangu ulinyooka.

Kwa mkataba, mimi ndiye niliyempeleka kwenye mashua na kumkabidhi vitu vyake: chupa moja ya maji, chupa ya baruti, bastola, na risasi moja ya kujimaliza kiu ikimshinda. Akasema, "Shemeji, shika vizuri. Utamwaga baruti, nami sina nyingine." Kisha, karibu na kisiwa, akashuka mwenyewe, maji yakimfika kiunoni, wala hakutaka kushikwa mkono.

Barua yako ilipofika niliisoma mbele yao kama ulivyoomba, na jina langu sikuliruka. Ned akasema, "Basi na huyu naye ahukumiwe." Wakanihukumu. Wakaniona sina hatia, kwa kuwa nilinyoosha mkono dhidi ya shemeji yangu. Hicho ndicho kilichoniokoa, dada.

Nikaomba turudi kisiwani. Safari ya meli nayo huamuliwa kwa kura. Nilishinda kwa tofauti ya kura mbili. Hata Ned aliniunga mkono. Tulimkuta chini ya kichaka, koti limemfunika uso. Risasi hakuitumia. Tulimzika jua likiwa utosini, wote sitini kofia mkononi. Mkataba nimeurudisha, nikaomba waniachie niondoke. Wamekubali.

Naweza kuja nyumbani? Sema neno tu.

Kaka yako,
Digory

Fowey, 4 Desemba 1718

Digory,

Mama hajambo. Nimemwambia kwamba Pascoe alikufa kwa homa, na kwamba wewe ulikaa naye mpaka mwisho. Anakushukuru sana. Kila jioni ananiomba nimsimulie tena, nami namsimulia.

Barua yako nimeisoma mara moja, sitaisoma tena. Ningependa kukuchukia, ingekuwa nafuu. Lakini nikianza kuhesabu mikono iliyomweka kisiwani, wa kwanza ni ule wangu ulioshika kalamu.

Usije. Mama atakukumbatia mlangoni na kukushukuru mbele yangu, na mimi sitaweza kusimama hapo.

Ila uandike. Ukishapata kazi, ukishang'oa hilo jino, andika. Nataka nijue kwamba mmoja katika yale majina mawili yuko hai.

Dada yako,
Tamsin