Neno Ulilompa Mwalimu wa Zaina

Mpendwa dada yangu,

Nimeolewa. Nina siku kumi tu ndani ya nyumba yako hapa Rwezamenyo, na nina furaha mpaka naona haya mbele ya picha yako. Baba Zaina akirudi kutoka kazini Kacyiru husimama mlangoni na kuniita "bibi harusi" kwa sauti ya kusikika na majirani, nami nasahau mboga motoni. Usinicheke. Ulipokuwa hai, ukiwa mkewe, ulimsifu kuliko mimi.

Lakini nakuandikia kwa uchungu, na sehemu ya uchungu huu umeniachia wewe.

Unakumbuka siku tulipompeleka binti yako chuoni kusoma Kurani? Alikuwa na miaka mitano. Mimi nilibeba mkeka wake, wewe ulibeba fimbo ya mti wa kahawa uliyoikata mwenyewe. Ulimkabidhi mwalimu vyote viwili, mtoto na fimbo, Shehe akishuhudia, ukasema kama mama yetu alivyosema kwa ajili yetu: "Mwalimu, huyu ni wako. Nirudishie macho yake tu." Kila mzazi husema hivyo. Watu walicheka, na mimi nilicheka nao.

Kwa ajili ya harusi yangu Zaina alikaa nyumbani siku tatu. Nilimpaka hina mimi mwenyewe, mikononi na miguuni. Nani angefikiri kumwombea ruhusa? Aliporudi chuoni, mwalimu alimsomesha Suratul Bayyina mbele ya wenzake. Akakwama katikati.

"Harusi imekula Kurani yako?" mwalimu akamuuliza.

Wanafunzi wakubwa wawili wakaambiwa wamwinue miguu, ikafungwa kwa kamba kwenye mti, akachapwa nyayo. Jirani alimleta mgongoni. Kisigino kimoja kimepasuka, dada, na pembeni mwa kidonda hina yangu bado inang'aa.

Baada ya sala ya Alasiri tulikwenda kwa Shehe, mimi na Baba Zaina, naye Zaina mgongoni mwa baba yake. Shehe alifanya kama desturi inavyotaka: akamwita mwalimu, akawaita wazee wawili wa msikiti, akaniambia niseme kwanza. Nilisema. Nilimfunua Zaina nyayo.

Mwalimu hakukana. "Nimechapa, Shehe. Macho je, nimeyagusa?"

Mzee mmoja akacheka kidogo, kisha akajikohoza.

"Mama yake alitoa neno, nami nilisikia," Shehe akasema. "Mwalimu hajalivunja."

"Kwa hiyo mtoto akatwe miguu, mradi anaona?" nikauliza.

"Yewe, bibi harusi, punguza sauti," mwalimu akasema. "Wewe umeingia juzi tu. Mzazi ni nani hapa?"

Dada, niliwahi kuchapwa, lakini sijawahi kuchapwa hivyo.

Shehe akanyoosha mkono kunyamazisha watu. Akasema neno la marehemu anaweza kulirudisha baba wa mtoto, lisitumike tena, hapohapo, mbele ya mashahidi. Lakini mwalimu aliyenyang'anywa fimbo halazimishwi kumpokea mwanafunzi. Wote wakamgeukia mume wangu. Mwalimu yuleyule ndiye aliyetusomea hotuba ya ndoa yetu, na Baba Zaina anamheshimu. Alitazama mkeka. Alipitisha kidole kwenye ukingo wake, na hapo nilimchukia, mimi niliyempenda asubuhi mpaka nikakosa usingizi wa mchana.

Hatimaye akasema, "Neno la mama yake nalirudisha. Na huyu hapa ni mzazi pia, mwalimu. Umwombe radhi."

Mwalimu akainuka, akavaa viatu. "Mtafutieni mahali pengine. Mimi sifundishi mikono mitupu." Radhi hakuomba.

Shehe hakumkemea. Alituombea dua, akatusihi tusisambaze maneno mtaani, maana wazazi wengine wataogopa. Tukatoka, tukapita mbele ya chuo. Ndani ya chuo watoto arobaini walikuwa wakisoma kwa sauti moja, na fimbo imelala mapajani mwa mwalimu.

Sasa ninakuuliza, ingawa hutajibu. Kwa nini sisi wawili, tuliojua uchungu wa fimbo ile, tulimpelekea mtoto wetu fimbo nyingine? Utotoni wewe usiku ulikuwa ukinipulizia viganja ili nilale. Nilidhani ulinihurumia. Labda tulifikiri ndivyo elimu inavyoingia. Nakukasirikia, dada, na ninakukumbuka, na siwezi kutenganisha haya mawili.

Mume wangu amenunua dawa, anamwosha kidonda yeye mwenyewe. Nampenda tena, kwa hasira kidogo. Zaina alikuwa amebakiza sura chache amalize juzuu yake. Wenzake watasomewa dua na kupewa sharbati Ijumaa; yeye atasikia tu kutoka uani.

Jana aliniuliza, "Mama mdogo, nisipochapwa nitajuaje nimekosea?"

Nilimwambia nitamwambia mimi. Nimefungua msahafu wako, tumeanzia pale alipokwama. Kila anapositasita, anakunja vidole vya miguu na kuvificha chini ya gauni.

Pumzika, dada. Mimi nimebaki na mwanao.

Ni mimi mdogo wako