Picha ya Bonde la Baba

Makangale, 9 Juni

Kwako dada yangu Samiha,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Nataraji barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji na watoto, na homa ya Yumna imeshaondoka. Sisi tupo, alhamdulillah, ila kuwapo kwenyewe ndiko huko unakokujua tangu Baba atutoke. Mama hula akibembelezwa. Bi Asma huja kila asubuhi kumsomea Yasini. Mpunga tumevuna nusu tu, uliobaki umeozea majini.

Utashangaa kupata barua na simu ipo. Kila nikikupigia nakuuliza habari za watoto, kisha maneno yananikwama. Nimempa Jaribu, anayevuka kuja Tanga, akukabidhi mkononi.

Unaijua kazi yangu ya droni kule Chake. Mwezi wa nne nilipata kazi ya tangazo la hoteli. Walitaka picha moja tu: mto wetu unavyojipinda katikati ya mpunga, ukungu ukiinuka, droni ikienda mbele taratibu. Bwana Egidius, mwenye kutengeneza tangazo, alinisisitiza kwamba kamera isigeuke wala isisimame. "Iende tu," alisema, "kama mtu anayeota."

Ukungu wa namna hiyo hauji kila siku. Hutaka mvua ya usiku, kisha alfajiri isiyo na wingu wala upepo. Hewa ya baridi huteremka bondeni na ukungu hulala huko. Jua likipanda kidogo tu, unapasuka. Una dakika kumi, basi. Nilingoja wiki mbili. Jumatano ile mvua kubwa ikanyesha, ikakata kabla ya adhana. Niliswali, nikapanda pikipiki moja kwa moja hadi upande wa juu wa bonde. Nyumbani sikupita. Nilisema nitapita nikimaliza.

Niliirusha droni saa kumi na mbili na nusu. Mapema zaidi huwezi, maana ukungu mzito hulowesha mapanga ya droni na kutia lenzi unyevu. Jua lilipogusa vilele vya minazi niliipandisha mita thelathini, nikafunga mwanga wa kamera usibadilikebadilike, nikaiinamisha kidogo, kisha nikasukuma kijiti cha rimoti kwa ncha ya kidole. Mita mbili kwa sekunde, si zaidi. Mto ulikuwa umefura na kuvuka kingo, unang'aa kama bati jipya. Ukungu ukainuka vipande vipande, na chini yake kijani kitupu. Dada, ilipendeza mpaka nikazuia pumzi.

Mengine uliyasikia. Baba alikwenda bondeni baada ya Swala ya Alfajiri kutoboa tuta, maji yatoke kwenye mpunga. Tulimpata saa sita mchana, kwenye matete. Wazee walisema maji yalimchukua gizani, mara moja, na hata angekuwapo mtu asingeweza kumfaa. Mama ameyashika maneno hayo. Kila anayekuja kuhani humwambia, "Hakuteseka. Ilikuwa mara moja tu."

Si kweli, dada.

Mto unapojipinda mara ya pili, upande wa kushoto wa picha, yumo mtu. Maji yamemfika kifuani, mguu umenasa topeni, mkono mmoja umeshika tuta. Mwingine anapunga. Nilimwona kwenye kioo, kadogo kama tembe ya mchele. Watu wote hupunga wakiiona droni. Nikadhani mkulima ananisalimia. Nikachukia, nikasema moyoni, huyu naye ataniharibia. Droni hainasi sauti, kwa hiyo mpaka leo sijui alikuwa akiita nini. Betri ilikuwa na asilimia sitini. Kuisimamisha na kuishusha ni nusu dakika, na kutoka niliposimama hadi pale, mbio, ni dakika tano. Nikasukuma mbele. Anapunga kwa sekunde kumi na moja, kisha picha inampita.

Siku ya tatu, baada ya hitima, niliikuza kwenye kompyuta. Ni ile fulana ya njano uliyomletea Baba siku ya Idi.

Hilo si lote. Bwana Egidius alipoiulizia sikujua nimwambie nini, nikamtumia. Hakuona mtu. Hakuna aliyemwona. Ndiyo ile video uliyonirushia wiki iliyopita ukaandika, "Mashaallah, bonde la Baba," ukawarushia na watoto. Nimewaomba watu wa hoteli waiondoe bila kusema sababu. Wamenijibu kwamba imependwa mno.

Sikuombi msamaha, maana sijui utautoa wapi. Mama sijamwambia. Wewe ndiye mkubwa wetu. Ukiona ni haki yake kujua, uje mwenyewe, kwani mimi siwezi.

Nisalimie shemeji na watoto. Mama anakusalimu sana. Yupo hapa uani anapeta mchele, na ameniuliza naandika nini. Nimemwambia nakujulia hali.

Wassalaam,

Ndugu yako,
Fahmi Ngwali