Magoti ya Kaburini

Baba yangu,

Nakuandikia kutoka Runzewe, nimekaa kitini, na najua usingependa. Ulinifundisha kwamba mtoto wa kike hasemi na baba yake mpaka magoti yaguse chini. Niliyapiga, tena kwa furaha. Ukitoka zizini asubuhi nilikuwa napiga magoti kwenye samadi kavu, nakusalimu mwangaluka, nawe unanishika kichwa na kuniuliza nimeamkaje. Sijawahi kujiona mdogo pale.

Halafu nikamleta mchumba wangu Saidi, muuza vipuri vya mitambo ya kusagia mawe ya dhahabu. Alisema shikamoo, akainama, akauchukua mkono wako akaubusu, kama walivyomlea kwao. Ukauvuta, ukaufuta kwenye shati.

"Kaninusa kama mbwa! Hata kuchuchumaa hajui."

Nikakwambia kila watu na mila zao, hakuna wa kumhukumu mwenzake. Ukacheka.

"Basi na kukukataza ndiyo mila yangu. Nani kakupa ruhusa ya kunihukumu?"

Ulinifunga mdomo, baba. Nakupa haki yako: kama hakuna mila inayoweza kuulizwa, hata machozi yangu hayakuwa na hoja. Niliolewa hivyohivyo, lakini neno lako nimelitafuna miaka tisa.

Sikia langu sasa. Goti na busu ni nguo tu. Anayezivaa ni yuleyule: mdogo anajishusha ili amwambie mkubwa, umenitangulia, nakuthamini. Nimelikuta hilo kwetu, nimelikuta kwa wakwe zangu, hata kwa wachimbaji huku mashimoni, wasio na muda wa goti wala busu, lakini mzee akifika wanampisha kivulini. Wewe ulidhani heshima ni moja, nayo ni ya kwako. Mimi nilidhani ni nyingi kiasi kwamba hakuna anayekosea. Tulipotoka wote wawili, ila kupotoka kwako kuliumiza watu.

Maana salamu ina upande wa pili. Kwetu mkubwa huitikia. Kwa kina Saidi, mkubwa akinyamazia shikamoo, aibu ni yake. Nilikuja na mtoto mgongoni, nikapiga magoti mlangoni pako mpaka yakafa ganzi, nawe ukaendelea kusokota kamba. Hakuna mila, yetu wala yao, iliyokutuma kufanya vile.

Sasa umefariki, na kaka zangu wameagiza nije nipige magoti kaburini, niombe radhi kwa ndoa yangu, la sivyo wanangu hawatahesabiwa kwenye ukoo.

"Ni mila," kaka mkubwa kaniambia kwenye simu.

"Mila nayo huulizwa," nikamjibu.

Nakuja Jumamosi, na Saidi, na watoto. Nitakulilia, maana nilikupenda na bado nakupenda, mzee mkaidi wewe. Magoti nitampigia mama, aliyeniitikia siku zote. Kwako radhi siombi. Kama kaka zangu wanataka kuwafuta wanangu, wawafute huku wanawatazama usoni, watoto wenye pua yako.

Lala salama, baba. Mimi sijalala bado.

Binti yako wa pekee