Mwezi mmoja bila kuosha maiti

Ibra, Oman. Jumatano. Mchana mkavu, upepo una vumbi. Moyo wangu mzito.

Jana nilikwenda kwa Bi Thuwaiba kumwambia kuwa nataka kupumzika mwezi mmoja.

Bi Thuwaiba ndiye anayetuongoza sisi wanawake tunaoosha maiti wa kike hapa mtaani. Tuko wanne tu. Akifariki mtu, ahli zake wanampigia yeye, naye anatupigia sisi. Miaka tisa sijakataa simu yake hata mara moja.

Miezi miwili iliyopita nilimwosha mama yangu. Watu walinisifu kwa subira. Baada ya siku sita nikaitwa kwa bibi mwengine, nikenda. Kisha kwa mwengine. Wiki iliyopita tulikuwa na msichana wa miaka kumi na tisa. Tulishamwosha kwa majani ya mkunazi, nikashika chombo cha kafuri kwa maji ya mwisho, na ghafla sikujua tumefika wapi. Mikono ilisimama. Asila, mwenzangu, akakichukua chombo taratibu akamaliza yeye.

Maiti ana haki yake. Sikumtimizia.

Kwa hivyo jana baada ya alasiri nilimwamkia Bi Thuwaiba shikamoo, nikakaa, nikanywa kahawa finjani mbili bila kusema nilichojia. Nilikuwa nimejitayarisha. Nilijua nikisema "nimechoka" tu, nitamwachia shughuli nzima mikononi.

"Bibi, naomba mwezi mmoja," nikasema. "Siku thelathini kuanzia leo. Siwezi kuosha, mikono hainitii."

Akaiweka finjani yake chini.

"Ungenambia mapema," akasema. "Nani atashika zamu zako?"

Nikamwambia Asila amekubali Jumatatu na Jumatano, na mwenzetu Bi Ruqaya atashika Ijumaa. Asila ameshaosha na mimi mara nyingi, lakini maiti wa ajali hajapata kumwosha, kwa hivyo akitokea wa ajali asiachiwe peke yake. Nikampa ufunguo wa kabati la vifaa vyetu vya kuoshea. Sanda zilizokatwa ziko tatu, glavu zipo, kafuri imekaribia kwisha. Yote nilimwandikia kwenye karatasi.

Akaisoma karatasi mpaka chini.

"N'takwambia kweli, nimeudhika," akasema. "Si kwa kupumzika. Kwa kuwa umeosha watu watatu baada ya mama yako, na mimi ndiye niliyekuita."

Kwa aibu nikasema, "Lakini pakiwa na dharura, nipigieni."

"La. Ukisema hivyo hujapumzika, na Asila hatojua kama zamu ni yake au yako. Hii ni faradhi ya kutoshelezana. Wakiwepo wa kuisimamia, wewe huna dhambi."

Akaandika mwenyewe kwenye kundi letu la simu: mwenzetu amepumzika mpaka tarehe fulani, asipigiwe, zamu zake ni za fulani na fulani. Sababu hakuitaja. Akasema siku tatu kabla ya kurudi nije tuzungumze, na nikihitaji siku zaidi niseme wazi, nisijifiche.

Nilitoka nikiwa mwepesi. Wepesi wenyewe ukanitia hofu.

Leo asubuhi amefariki jirani yetu, nyumba ya tatu.

Simu yangu haikulia. Nilisikia habari kwa mume wangu, kama watu wengine wote. Nikavaa abaya, nikenda kukaa na wafiwa. Nikaliona gari la Asila mlangoni. Nikasikia maji yanamwagwa nyuma ya mlango, na miguu yangu ikataka kwenda yenyewe.

Binti wa marehemu akanishika mkono. "Khalti, wewe huingii? Mama alikuwa akikutaja."

Swali hilo ndilo nililoliogopa.

"Leo anaoshwa na Asila," nikamwambia. "Mkono wake mzuri. Mie n'takaa na wewe."

Akakaa ubavuni kwangu. Miaka yote hii nilikuwa ndani ya mlango, sikujua huku nje kukoje. Kunasubiriwa tu. Mtu hana la kushika. Binti yule alipoanza kulia, nikalia na mimi, na ukweli ni kwamba sikuwa namlilia mama yake. Wakati wa kumwosha mama yangu sikulia, nilikuwa nahesabu maji.

Asila alipotoka alinitazama kutoka mbali, akaitikia kidogo kwa kichwa: tayari. Hakunihitaji. Imeniuma, na nimeshukuru. Vyote viwili kwa pamoja.

Bi Thuwaiba alinipita ukumbini. Alinisogezea mto wa kuegemea, akenda zake.

Nina siku ishirini na tisa. Nitarudi kwa sababu ninaweza, au kwa sababu sijui kukaa nje ya mlango?

Sijui bado. Kesho naanza kwa kulala mpaka jua litoke vizuri.